Alama ya betri imejaa, inveta inazima saa tisa usiku: jinsi ya kuisoma kontrola ya sola kwa kompyuta

*"Habari fundi. Nina zahanati ndogo hapa Koboko. Nina paneli mbili za wati 330 zilizofungwa sambamba, betri mbili za AGM za 200Ah zilizofungwa kuwa volti 24, kontrola ya Epever Tracer 3210AN, na inveta iliyofungwa moja kwa moja kwenye betri. Betri zina miaka mitatu. Jioni alama ya betri kwenye kontrola inaonyesha imejaa, lakini saa tisa usiku inveta inalia na kuzima, na friji ya dawa inakaa bila umeme mpaka jua litoke. Nataka kompyuta isome kontrola ili nione asilimia ya betri kwenye simu yangu. Nilichomeka waya wa mtandao kutoka kontrola hadi laptopu, hakuna kilichotokea. Ninunue nini, na nitajuaje kama ubovu uko kwenye betri au kwenye paneli?"*

Habari nzuri, ndugu yangu. Kabla ya yote tuiangalie friji. Kama ina dawa za kukaa kati ya nyuzi 2 na 8, weka kipimajoto ndani leo, na jaza barafu mchana wakati jua lipo ili usiku isipande joto haraka. Kazi tutakayofanya hapa itachukua siku kadhaa kukupa jibu, na dawa haziwezi kuzingoja siku hizo.

Sasa waya wako. Tundu lile kwenye kontrola lina umbo la tundu la mtandao, lakini ndani yake hakuna mtandao. Kinachopita humo ni mawasiliano ya RS485, yaani nyaya mbili, A na B, zinazobeba maswali na majibu kwa lugha iitwayo Modbus. Laptopu yako haikuelewa chochote kwa sababu ilitarajia kitu kingine kabisa. Huenda haikuumia, maana porti ya mtandao ya kompyuta ina transfoma ndogo ndani inayoitenga na umeme wa nje. Ila kuna kosa moja ambalo halisameheki. Kama zahanati inapata intaneti kwa antena ya paani, kile kiboksi kinachoipelekea antena umeme kupitia waya wa mtandao kisikutanishwe kamwe na kontrola. Vingi vya aina hiyo hupeleka volti 24 kwenye pini ya 4 na 5, na kwenye kontrola yako hizo ndizo pini za B na A. Ukichomeka mara moja tu, porti inaungua. Andika "SOLA" kwenye waya wa kontrola kwa kalamu nzito, ili kijana wa intaneti akija asiuchanganye na wake.

Unachohitaji kununua ni adapta ya USB kwenda RS485. Zile ndogo zenye chipu ya CH340 zinatambulika kwenye Linux bila kutafuta dereva. Ukiweza, lipia zaidi kidogo upate iliyotengwa kiumeme, ambayo upande wa kompyuta na upande wa kontrola havigusani moja kwa moja. Waya rasmi wa USB unaouzwa kwa ajili ya kontrola hizi ni mzuri kwenye Windows, lakini kwenye Linux chipu yake huwa inadai dereva wa pekee, na watu wengi hukwamia hapo wakidhani kontrola imekufa. Kama Arua hupati adapta, agiza Kampala iletwe kwa basi.

Chukua waya wa kawaida wa mtandao, ukate ncha moja. Ndani kuna nyaya nane, nawe unahitaji tatu tu. Wa bluu mtupu ni pini ya 4, unakwenda B. Mweupe wenye mstari wa bluu ni pini ya 5, unakwenda A. Wa kahawia mtupu ni pini ya 8, unakwenda GND kama adapta yako ina nafasi hiyo. Nimechagua rangi hizi kwa makusudi. Jozi ya bluu na jozi ya kahawia hubaki kwenye pini zilezile hata kama waya umebanwa kwa mpangilio wa aina ya pili, wakati rangi ya chungwa na ya kijani hubadilishana nafasi. Tena waya wa bluu na mwenzake vimesokotwa pamoja, na huko kusokotwa ndiko kunakozuia kelele za umeme wa inveta zisiingie kwenye mawasiliano. Nyaya tano zilizobaki zikate fupi na kila moja uifunge tepu peke yake, kwa sababu pini ya 1 na ya 2 hutoa volti 5, na zikigusa nyaya nyingine unaweza kuharibu porti.

Waya huo uwe mfupi, mita moja au mbili. Kompyuta ikae karibu na kontrola, na umbali wa kufika kwenye simu yako ubebwe na waifai. Nimeona watu wakivuta waya wa mita thelathini kutoka chumba cha betri hadi ofisini, na kwa radi za Uganda huko ni kuikaribisha radi kwenye kontrola na kwenye kompyuta kwa pigo moja.

Kompyuta yenyewe usifanye laptopu ya zamani, hata kama unapewa bure. Laptopu inayokula wati 25 usiku na mchana inameza wati-saa 600 kwa siku, na mfumo wako wote, kama nitakavyoonyesha, unatumia kama 2,200. Utakuwa umeongeza mzigo kwa zaidi ya robo ili kuchunguza kwa nini mzigo unaishinda betri. Raspberry Pi, kompyuta ndogo inayoenea kiganjani, inakula kama wati 3, yaani wati-saa 72 kwa siku, sawa na ampea-saa 3 za betri yako. Hizo unaweza kuzimudu.

Swali la wapi Raspberry Pi ipate umeme watu hulipita haraka, nalo ndilo linaloamua kama utapata jibu. Ukiiweka kwenye inveta, itazima pamoja na inveta, na rekodi yako itakatika palepale unapoihitaji. Ukiiweka kwenye matundu ya mzigo ya kontrola, kontrola hukata mzigo betri ikishuka hadi volti 22.2 kama hujabadilisha mipangilio, na inveta nyingi za volti 24 hukata chini ya hapo, karibu na 21. Hapo pia kompyuta italala kabla ya tukio. Kwa hiyo iunganishe kwenye betri moja kwa moja, kupitia kibadilishi cha kushusha volti 24 kuwa 5 chenye uwezo wa ampea 3, na fyuzi ndogo ya ampea 2 karibu kabisa na kichwa cha betri. Chukua umeme kutoka kwenye chanya na hasi za mwisho, penye volti 24 kamili. Usichukue volti 12 kutoka betri moja kati ya mbili. Betri moja ikinyonywa na mwenzake aachwe, kila siku zinapishana kidogo, na baada ya miezi ile iliyonyonywa hufa na kuiburuta ya pili.

Kwenye Raspberry Pi, ukichomeka adapta, andika amri hii:

```
dmesg | grep tty
```

Mstari wa mwisho ukitaja `ch341-uart converter now attached to ttyUSB0`, adapta imeonekana. Kama kompyuta inakukatalia ruhusa ya kuifungua, jiongeze kwenye kundi la `dialout` kwa amri `sudo usermod -aG dialout $USER`, kisha uingie upya. Halafu sakinisha `minimalmodbus` na `requests` za Python, InfluxDB toleo la 1.8 la kuhifadhi vipimo, na Grafana ya kuchora. Tengeneza hifadhidata kwa `influx -execute 'CREATE DATABASE sola'`. Programu ya kusoma ni fupi:

```python
import time, requests, minimalmodbus

k = minimalmodbus.Instrument("/dev/ttyUSB0", 1)
k.serial.baudrate = 115200
k.serial.timeout = 1

def soma(anwani):
    return k.read_register(anwani, 2, functioncode=4)

while True:
    try:
        d = "betri volti=%.2f,ampea=%.2f,paneli=%.2f" % (
            soma(0x3104), soma(0x3105), soma(0x3100))
        requests.post("http://localhost:8086/write?db=sola",
                      data=d, timeout=5)
    except IOError as kosa:
        print(kosa)
    time.sleep(10)
```

Kila sekunde kumi inauliza mambo matatu: volti ya betri, ampea zinazotoka kontrola kwenda betri, na volti ya paneli. Kontrola huhifadhi namba hizo zikiwa zimezidishwa kwa 100, ndiyo maana ya ile 2 kwenye mstari wa `read_register`: inarudisha nukta mahali pake. Ukipata ujumbe `No communication with the instrument (no answer)`, jambo la kwanza badilisha A na B, maana watengenezaji wa adapta hawakubaliani kuhusu majina hayo, na kuzibadilisha hakuunguzi kitu. Kama bado, hakikisha hakuna kioo cha nje kilichochomekwa kwenye porti hiyo. Kwenye mstari mmoja wa Modbus muulizaji ni mmoja tu, wawili wakiuliza pamoja majibu yanagongana.

Kabla hujaamini grafu yoyote, chukua mita na upime volti kwenye vichwa vya betri wakati jua limewaka na kontrola inachaji kwa nguvu. Linganisha na namba iliyo kwenye kompyuta wakati huohuo. Kontrola hupima kwenye matundu yake yenyewe, haipimi kwenye betri. Ampea 18 zikipita kwenye waya mwembamba, kontrola itaona volti kubwa kuliko betri inayopata. Tofauti ikizidi volti 0.3, kaza viunganishi au weka waya mnene zaidi kwanza, maana hata mfumo wako wa kuchaji unadanganyika hapo: unadhani betri imefika kumbe bado.

Sasa tuje kwenye asilimia uliyoomba, ambayo nakushauri usiiweke kwenye dashibodi yako. Kontrola inayo namba ya asilimia, iko kwenye anwani `0x311A`, na kuisoma ni kazi ya mstari mmoja. Lakini angalia inakotoka. Kontrola imekaa kati ya paneli na betri. Inajua kila ampea inayoingia kutoka juani. Inveta yako imefungwa moja kwa moja kwenye betri, kwa hiyo ampea zinazotoka usiku kucha hazipiti kwenye kontrola hata moja. Haijui friji imekula nini. Kitu pekee ilicho nacho cha kukadiria ni volti, na volti ya betri ya risasi inasema kweli pale tu betri imetulia. Betri yako ya volti 24 ikiwa imejaa na imepumzika saa kadhaa bila kuchaji wala kutumika, itasoma kama 25.5. Ikiwa nusu, karibu 24.4. Wakati wa kuchaji kontrola inaisukuma hadi 28.8 na baadaye kuishikilia 27.6, na kwa volti hizo makadirio yoyote yatasema imejaa, hata kama ndani kumebaki uwezo wa robo tu.

Ndiyo sababu jioni unaona alama imejaa. Betri iliyozeeka hupata tabaka gumu la salfa kwenye bamba zake, na sehemu iliyofunikwa haishiriki tena. Ni kama jerikeni lililojaa matope hadi robo tatu: maji yanafika mdomoni upesi, na ukimimina yanaisha upesi. Volti inapanda haraka, kontrola inaona mdomo umefika, inapunguza chaji, inaonyesha imejaa. Haikukosea kuhusu mdomo. Haina njia ya kuona matope.

Lakini usikimbilie kununua betri, kwa sababu inveta kuzima saa tisa usiku kunaweza kuletwa na mambo matatu tofauti, na dawa ya moja haiponyi jingine. Tufanye hesabu ya zahanati yako. Hukunitajia mizigo, kwa hiyo nakadiria: friji wastani wa wati 40, taa za usiku 30, ruta 10, na inveta yenyewe kujiendesha 20. Jumla wati 100. Kutoka saa kumi na mbili jioni hadi saa tisa usiku ni saa tisa, sawa na wati-saa 900. Gawanya kwa volti 24, unapata ampea-saa 37 au 38. Betri zako mbili zikiwa zimeunganishwa kwa mfuatano zinahesabika 200Ah. Betri nzima iliyojaa, ikitoa 38 kati ya 200, bado ina zaidi ya robo tatu. Haina sababu ya kuzima. Kwa hiyo ama haina tena 200, ama haikuwa imejaa jioni, ama umeme upo lakini haufiki kwenye inveta. Mchana taa hazimo, ila kuna laptopu na vifaa vya zahanati, tuseme wati 80. Kwa siku nzima inakuja kwenye zile wati-saa 2,200. Paneli za wati 660 kwenye jua kamili la muda wa saa tano, ukiondoa joto, vumbi na upotevu, zitakupa kama 2,500. Zinatosha kwa kubana, na siku ya mawingu hazitoshi, na kwenu mvua hudumu miezi mingi mfululizo. Ndiyo maana siwezi kukuambia kwa kukisia ni lipi kati ya hayo matatu.

Grafu itakuambia. Acha ikusanye siku nne au tano, zikiwemo mbili za jua zuri, kisha fungua volti na ampea zikiwa juu ya mstari mmoja wa saa. Usisahau kwamba saa tisa usiku yetu Grafana itaiandika 03:00.

Angalia asubuhi kwanza. Kama betri zimechoka, utaona volti inaruka upesi. Jua limetoka saa moja, na saa nne asubuhi volti tayari iko 28.8. Ampea, ambazo zilikuwa zinapanda, zinaanza kushuka wakati jua bado linapanda, mpaka zinabaki tatu au nne tu, ambazo ni za mizigo ya mchana. Kisha jumlisha ampea-saa zilizoingia siku hiyo kwa swali hili kwenye Grafana:

```
SELECT integral("ampea", 1h) FROM "betri" WHERE time > now() - 1d
```

Ondoa zile za mizigo ya mchana, kama 3.3 kwa kila saa ya jua. Kama kilichobaki ni ampea-saa 35 au 40 hivi, wakati volti ilikwisha kufika kileleni tangu saa nne na usiku uliopita inveta ilizima kabisa, basi huo ndio uwezo wote uliobaki katika betri ulizonunua kama 200. Hakuna kuchaji kutakakoirudisha.

Picha ya pili ni kinyume chake. Volti inajikokota mchana kutwa kati ya 25 na 27, haifiki 28.8 hata saa kumi jioni, na ampea zinafuata jua mpaka linazama. Hapo betri ina njaa. Inapokea kila kinachokuja na haishibi. Tazama ampea za saa sita mchana siku ya anga safi. Paneli zako mbili zinapaswa kutoa kati ya 16 na 20. Ukiona 8 au 9, karibu nusu kabisa, paneli moja haifanyi kazi, na mara nyingi ni kiunganishi kilicholegea au kilichoungua kule paani. Kwa kuwa umezifunga sambamba, volti ya paneli itabaki ya kawaida na kontrola haitalalamika, kwa hiyo bila grafu ya ampea usingejua. Ukiona ampea nzuri asubuhi zinazoporomoka saa nane mchana kila siku kwa wakati uleule, tafuta mti au tangi linalotupa kivuli. Na kama ampea ni nzuri siku zote lakini betri haishibi, basi mizigo imezidi paneli. Unahitaji paneli ya tatu au kupunguza matumizi, na betri mpya itakufa vilevile kama hizi usiporekebisha hilo kwanza, kwa sababu betri ya risasi inayokaa siku nyingi bila kujaa ndiyo inayoota salfa.

Picha ya tatu ni ya usiku, na hapo ndipo kuiweka kompyuta kwenye betri kunalipa. Nenda kwenye dakika ile inveta ilipozima. Kama volti ilikuwa ikishuka taratibu, kisha ikaanguka kwa kasi kuelekea 21, hilo linarudi kwenye mambo mawili ya kwanza. Lakini kama kontrola inaonyesha 24.6 kabla na baada, wakati inveta imelia kuwa betri iko chini, basi betri haina kosa. Friji ilipowaka, kompresa ilivuta ampea nyingi kwa sekunde moja, na waya mwembamba au kiunganishi kilichoota kutu kati ya betri na inveta kikala volti njiani. Kipimo cha sekunde kumi kinaweza kuukosa mshtuko huo, lakini hali tulivu kabla na baada yake inatosha kukushtua. Thibitisha kwa mita: wakati friji inafanya kazi, pima kwenye vichwa vya betri, kisha kwenye matundu ya inveta. Tofauti ya nusu volti au zaidi ni mbaya.

Dhana yangu, kwa betri za miaka mitatu kwenye paneli zinazotosha kwa kubana, ni kwamba utakuta ya kwanza iliyosababishwa na ya pili. Lakini ni dhana, na betri ni fedha nyingi kwa zahanati ndogo. Siku tano za grafu ni bei nafuu.

Kwa hiyo dashibodi yako ya simu iwe na vitu vichache. Grafu ya volti na ya ampea kwa saa 48. Namba moja kubwa ya volti ya chini kabisa ya usiku uliopita. Betri nzima, kwa mizigo yako, isishuke chini ya kama 24.6 alfajiri. Ampea-saa zilizoingia leo. Na cha nne, ambacho watu hukisahau: kipimo cha mwisho kimesomwa dakika ngapi zilizopita. Programu ikifa au waya ukichomoka, namba ya mwisho hubaki kwenye kioo ikipendeza, nawe utalala ukiamini betri iko 25.1 kumbe ni ya juzi. Pia, Raspberry Pi nyingi hazina saa yenye betri yake. Umeme ukikatika na intaneti haipo, inaamka na saa ya zamani na grafu inaparaganyika. Kipande kidogo cha DS3231 kinamaliza tatizo hilo.

Ukiwa ndani ya zahanati, simu inafungua dashibodi kwa waifai bila kutumia bando. Ukitaka kuiona ukiwa Arua au Kampala, tumia mtandao wa faragha kama Tailscale, na usiifungue Grafana wazi kwa dunia nzima.

Kama bado unataka asilimia ya kweli, njia ipo: weka mita yenye shanti, yaani kipande cha kupimia ampea zinazopita, kwenye waya wa hasi kati ya betri na inveta, kwa mfano PZEM-017 yenye shanti ya ampea 100. Nayo inazungumza Modbus, lakini kwa kasi ya 9600 na biti mbili za kufungia, kwa hiyo ipe adapta yake ya pili. Ukishajua kinachoingia na kinachotoka, unaweza kuhesabu kilichobaki. Nami nisingeiweka sasa. Ngoja mpaka uwe na betri ambayo uwezo wake unaujua, kwa sababu asilimia ya 200 ambayo haipo ni namba tupu. Na siku ukihamia betri za lithiamu, haya yote ya kusoma volti yaache, maana volti yake hubaki karibu palepale kutoka kujaa hadi karibu kuisha. Hizo zisomwe kutoka kwenye ubongo wa betri yenyewe.

Kuna mambo ambayo kompyuta haiwezi kukufanyia, nayo mwite fundi mwenye kibali cha ERA, mamlaka ya umeme ya Uganda, aje na vifaa vyake. Betri iliyovimba ubavuni, inayopata joto wakati wa kuchaji kuliko mwenzake, au inayonuka kama yai bovu, usiendelee kuichaji. Zima paneli kwanza, kisha inveta, fungua madirisha, asiwashe mtu kiberiti chumbani humo. Paneli za paani zisiguswe na asiyezoea. Na hata kufunga fyuzi ya kompyuta, vua pete na saa mkononi, funga spana tepu mpaka ibaki ncha tu, kwa sababu spana ikilalia vichwa viwili vya betri hizi inayeyuka ikiwa mkononi mwako.

Fundi akija, mwonyeshe grafu, kisha muombe apime kila betri peke yake chini ya mzigo. Moja ikishuka hadi 10.5 wakati nyingine iko 12.2, seli imekufa kwenye ile ya kwanza. Atakushawishi ubadilishe hiyo moja tu kuokoa fedha. Kataa. Betri mpya iliyofungwa kwa mfuatano na ya miaka mitatu itajaa kwa wakati tofauti na mwenzake, ya zamani itachemshwa kila siku ili mpya ipate kushiba, na mwaka hautapita utakuwa na mbili mbovu. Nunua zote mbili siku moja, za aina moja na tarehe moja ya kutengenezwa, na kontrola uiwekee aina ya betri inayolingana nazo kabla ya jua la kwanza.